Kaptula Imelowa Tena, Nimwambieje Mama Yake?

Shikamoo mama,

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Dodoma, shule ya binafsi huku Nkuhungu. Nina watoto 26 na msaidizi mmoja. Tangu tufungue Januari kuna mtoto wa kiume wa miaka minne, nimwite Baraka ingawa si jina lake, amejikojolea mara tano ndani ya wiki tatu. Mara nne ilikuwa kati ya saa nne na nusu na saa tano na robo. Siku moja kaptula ilikuwa pia na alama ya choo kikubwa. Tunawapeleka chooni saa tatu na nusu, uji saa nne, kisha choo tena saa sita. Vyoo vyetu ni vya kuchuchumaa.

Mara ya kwanza nilimwambia mama yake getini, wazazi wengine wakiwepo: "Mama Baraka, leo kijana kajikojolea," nikampa mfuko wenye kaptula. Mama alicheka kwa aibu, akamgeukia mtoto: "Si nilikuambia wewe ni mkubwa?" Mtoto wa mzazi mwingine akadaka. Kesho yake darasani likasikika neno "kikojozi", na Baraka akagoma kuingia siku mbili.

Tangu hapo nimenyamaza. Naifua kaptula, naianika nyuma ya jiko, anaondoka nayo kavu. Nimemwambia hii ni siri yetu. Wiki iliyopita dada wa gari la shule kamwambia mama, na mama kanipigia kwa hasira: "Nyumbani hajikojolei, huko mnamfanya nini? Na kwa nini mlinificha?" Bibi yake, aliyemlea Tanga mpaka Desemba, anasema afungwe chura kiunoni. Mkuu wangu anataka kila tukio liandikwe kwenye daftari la mawasiliano ili shule isilaumiwe. Mimi najua daftari lile linasomwa na kila mtu nyumbani.

Nikisema namwaibisha mtoto, nikinyamaza naitwa mwongo. Nimwambie nini huyu mama, na vipi?

Mwalimu wa chekechea, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Huo mstari wako wa mwisho nimeurudia mara mbili, na naomba tuupekue kidogo. Siku ile getini, una hakika ni habari yenyewe iliyomwaibisha Baraka? Familia iliyomfulia nepi haishtuki kusikia kaptula imelowa. Mimi naona kilichomchoma ni masikio: yake mwenyewe, ya yule mtoto aliyedaka neno, ya wazazi waliokuwa wamesimama pale wakisubiri wa kwao. Na mfuko ukining'inia mkononi mwa mama. Mtoto wa umri huo akiongelewa juu ya kichwa chake anasikia kila kitu, halafu anautazama uso wa mama ili ajue jambo lenyewe ni kubwa kiasi gani. Mama naye, akishtukizwa mbele za watu, hapati nafasi ya kufikiri. Anasema lile ambalo anadhani wale waliosimama wanalitegemea kutoka kwa mama anayejua kulea. Angekuwa peke yake na simu sikioni, huenda angejibu kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo kunyamaza hakukuwa njia pekee iliyobaki. Na hapo kwenye siri niruhusu niseme waziwazi, maana ndipo barua yako iliponitia wasiwasi zaidi. Najua ulifanya kwa huruma. Lakini mtoto akizoea kwamba mtu mzima anaweza kumvua kaptula, kumwosha, kisha kumwambia "tusimwambie mama", amejifunza jambo ambalo siku moja mtu mwingine asiye na huruma yako anaweza kulitumia. Kitu unachotaka kumpa Baraka ni faragha, na faragha inaweza kusemwa hivi: "Nguo imelowa, twende tubadilishe. Mama nitamwambia mimi, taratibu, si mbele za watu." Ukishamwambia hivyo, kesho asubuhi mwambie pia kwamba ile ya siri umeifuta. Watoto hukumbuka.

Sasa simu. Kabla hujaishika, jiulize una nini cha kumpa huyu mama. Ukimpigia na "kajikojolea tena" peke yake, atasikia shtaka, naye atajitetea, kama alivyofanya wiki iliyopita. Lakini katika barua yako zimo habari nzuri kuliko unavyodhani, na umezitaja kwa kupita tu. Ziangalie saa zako. Choo saa tatu na nusu, uji saa nne, choo tena saa sita. Kibofu cha mtoto, kwa kanuni wanayoitumia madaktari kukadiria, hubeba kiasi unachopata ukichukua miaka yake, ukaongeza moja, ukazidisha kwa 30. Kwa Baraka ni kama mililita 150, karibu nusu ya chupa ya soda. Kipime kikombe chenu cha uji. Kikiwa cha mililita 250, basi hata kama si uji wote unaogeuka mkojo papo hapo, mtoto huyu anadaiwa saa mbili nzima za kubana, naye aliingia chooni kabla ya kunywa. Mara nne kati ya tano zimeangukia hapohapo. Mimi ningeihamisha safari ya choo iwe dakika 20 au 30 baada ya uji, na ningewapeleka wote 26, kwa sababu Baraka akiitwa peke yake darasa zima litajua anaitwa kwa nini.

Halafu chooni kwenyewe. Umeandika kwamba ni vya kuchuchumaa, ukaendelea. Mwanangu, nenda siku moja uchuchumae wewe mwenyewe, ili macho yako yawe usawa wa macho ya Baraka. Tundu linaonekana kubwa kuliko lilivyo, ndani ni giza, sakafu ina maji, pengine kuna nzi. Watoto wengi husimama mlangoni, wakahesabu muda, wakarudi darasani kusema "nimemaliza" bila kutoa hata tone. Msaidizi wako anayesubiri nje na foleni ya watoto 26 hawezi kujua. Njia ya kujua ni rahisi: siku mbili tatu asimame karibu, mlango ukiwa wazi kiasi, asikilize tu. Na sare? Kama kaptula yenu ni ya mkanda na kifungo, mwombe Baraka aifungue siku ambayo hana haraka, wewe ukihesabu kimoyomoyo. Ukifika ishirini naye bado anahangaika na mkanda, umepata jibu kubwa zaidi ya lile la chura. Mtoto wa miaka minne haoni haja ikija kwa mbali. Inamkuta ameshika udongo wa kuchezea, anakunja miguu, anakalia kisigino, ananyamaza ghafla, na kuanzia hapo muda uliobaki ni mfupi. Foleni, ruhusa ya mwalimu na mkanda haviwezi kuingia vyote humo.

Ile alama ya choo kikubwa usiipuuze, wala usiichukulie kuwa ni uchafu au kutojifuta. Inaweza kuwa hilo tu, lakini mtoto anayeogopa choo cha shule hubana haja kubwa pia, siku baada ya siku. Kinyesi kinakauka na kuwa kigumu, mwisho kutoka kunauma, na kwa kuwa kunauma anabana zaidi. Kinyesi hicho kikishajaa hukaa nyuma ya kibofu na kukisukuma, basi kibofu kinabeba kidogo kuliko ilivyo kawaida yake. Wakati mwingine choo laini hupenya pembeni ya kile kigumu na kupaka nguo bila mtoto kuhisi, mzazi akadhani anaharisha. Ndiyo maana swali moja kwa mama lina thamani kuliko maelezo kumi: nyumbani anapata choo kikubwa baada ya siku ngapi, na kinatoka kigumu kama gololi au laini?

Mama kasema nyumbani hajikojolei. Wewe umelisikia kama tusi kwa shule, nami nakuelewa. Lakini je, kama ni kweli tupu? Nyumbani choo kiko hatua chache, amevaa bukta ya mpira kiunoni, haombi ruhusa kwa mtu, na neno analolitumia kila mmoja analijua. Pengine ni "susu", pengine ni neno alilopewa na bibi huko Tanga ambalo msaidizi wako hajawahi kulisikia. Basi mama anasema kweli na wewe unasema kweli. Upo uwezekano mwingine, nao nauweka mezani bila kumshutumu: zipo shule zinazosema wazi kwamba hazipokei mtoto ambaye hajajua choo, na mzazi aliyeshalipa ada anaogopa kukiri ajali za nyumbani asije akaambiwa mtoto arudi mwakani. Kama mna sharti kama hilo, sentensi ya kwanza kwenye simu iondoe hofu hiyo.

Kuhusu wakati wa kupiga, wewe unamjua kuliko mimi. Kama ni wale wanaofanya kazi kwenye ofisi za serikali kule Mtumba na kurudi jioni wamechoka, saa kumi na moja ni mbaya. Yuko ndani ya gari na watu. Saa tatu usiku mtoto amelala. Uliza kwanza kama yuko peke yake, na kama hajaweka spika. Kisha kitu kama hiki, kwa maneno yako:

"Mama Baraka, samahani kwa siku ile getini, sikupaswa kusema mbele za watu. Na samahani kwa kukuficha. Baraka nafasi yake iko palepale, wiki za kwanza watoto wengi hujikojolea. Nimeangalia, karibu kila mara ni baada ya uji, na nadhani tulikuwa tunawapeleka chooni saa isiyofaa. Tumebadilisha. Nina maswali matatu: huko Tanga alizoea choo gani, anatumia neno gani akitaka kwenda, na choo kikubwa anapata lini?"

Utaona hakuna mahali mtoto anapolaumiwa, wala mama. Ipo hatari, nisikufiche: ukikiri kosa namna hiyo, mzazi mwingine anaweza kulitumia dhidi yako kwa mkuu. Kwa hiyo ningemweleza mkuu kabla ya simu, asije akasikia upande mmoja. Lakini ukipiga bila kuomba radhi, nahofia mama atatumia dakika zote tano kurudi kwenye ile "kwa nini mlinificha".

Katika mazungumzo hayo mambo mawili yanaweza kujitokeza. Moja ni maji. Mzazi akisikia "baada ya uji" anaweza kuamua mtoto asipewe chai asubuhi, au akakuomba umnyime uji. Mwambie kwa upole kwamba kwa joto la Dodoma hilo halisaidii: mkojo mchache huwa mkali na huweza kukikera kibofu, na choo kikubwa kinazidi kuwa kigumu. Anywe kama wenzake, tubadilishe saa ya choo. La pili ni bibi na chura wake. Usimcheke bibi, hata kidogo. Wengi wetu tulikua tukiona mtoto akifungwa chura, au akizungushwa majirani na mkeka kichwani, na waliofanya hivyo walitupenda. Shida ni kwamba dawa yenyewe ni hofu, na Baraka tayari anaogopa tundu. Afadhali mama ampigie bibi amuulize zile habari za Tanga, maana bibi ndiye aliyemfundisha choo. Nimeona mabibi wakisahau chura wakishaulizwa walichokuwa wakifanya wao.

Mkuu wako naye ana hoja. Siku mzazi akilalamika, shule isiyo na maandishi haina la kusema. Swali ni maandishi yakae wapi. Kumbukumbu ya saa, kilichotokea na mlichofanya inaweza kukaa ofisini, isisafiri. Kwenye daftari linalokwenda nyumbani unaweza kuandika "nguo ya akiba imetumika, naomba uniletee nyingine", ambalo litaeleweka na mama bila kumpa kaka mkubwa cha kumchekea mdogo wake. Mnaweza kukubaliana hata maneno mengine, ingawa maneno ya siri nayo huzoeleka, baada ya mwezi kila mtu nyumbani anajua maana yake. Ujumbe wa WhatsApp kwa namba ya mama peke yake ni wepesi zaidi, ila husambazwa kwa kidole kimoja. Picha ya kaptula usitume kamwe, na kwenye kundi la wazazi jina lake lisionekane. Je, umwambie kila tukio au mara moja kwa wiki? Muulize yeye. Kuna mama anayetaka kujua siku hiyohiyo, na kuna mama ambaye ujumbe wa saa tano asubuhi utamharibia kazi, na jioni akifika mtoto ndiye atakayelipia.

Kundi la wazazi lina kazi yake nyingine lakini. Ujumbe mmoja kwa wote, wiki hii, kwamba wiki za mwanzo watoto husahau choo kwa sababu ya mazingira mapya, hivyo kila mmoja alete kaptula au sketi na chupi ya akiba ndani ya begi. Mabegi 26 yakiwa na nguo ya akiba, la Baraka halionekani. Ziwe za rangi ya sare. Niliwahi kufundisha mahali ambapo nguo ya akiba ya shule ilikuwa bukta moja ya njano, imechujuka, na kila aliyeivaa alikuwa ametangazwa uwanja mzima. Tulidhani tunasaidia.

Na ile iliyolowa, isisafiri mkononi mwa dada wa gari. Isuuze, ikamue sana, iviringishe ndani ya taulo dogo, iingie kwenye kopo lenye mfuniko chini ya begi. Siku hizi, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, watu wanatumia ile ya kitambaa, nayo huvuja maji na harufu kabla gari halijafika kona ya pili. Kopo lisifanane na la chakula tu. Dada wa gari mwenyewe sijui kama ni wa kukaripiwa; kaona mtoto ana kaptula tofauti, akasema alichokiona. Huenda hakuna aliyewahi kumwambia kwamba habari za nguo za ndani za watoto hupitia kwako.

Darasani, neno "kikojozi" likisikika, wengine hutoa hotuba, na hotuba inamrudisha Baraka katikati ya macho ya wenzake. Mimi ningemwita pembeni aliyelisema. Wapo walimu wanaopenda kusema "kamwagikiwa maji" ili kumwokoa. Siwalaumu, ila watoto wana pua.

Zipo hali ambazo simu yako inapaswa kumwelekeza mama zahanati bila kusubiri: akilia au kulalamika maumivu anapokojoa, akipata homa, mkojo ukinuka vibaya kuliko kawaida, nguo ikiwa na unyevu muda wote kana kwamba unavuja. Na kama anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa kila mara na anakonda, ni siku hiyohiyo, apimwe sukari. Vilevile kama saa za choo zimebadilika, mkanda umeondoka, hofu ya tundu imepungua, lakini baada ya wiki kadhaa bado yuko vilevile. Unaweza kusema tu, "ningependa mkojo wake upimwe tuondoe shaka," bila kumtangazia ugonjwa.

Kuna jingine ambalo silitarajii hapa, lakini ningekuwa sikutendei haki nikilikwepa. Mtoto akionyesha hofu kwa mtu mmoja hasa, au ana michubuko au maumivu sehemu za siri, usimhoji maswali mengi na usiongee na nyumbani kabla ya kujua nani yuko salama kuambiwa. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Uliyoniandikia kuhusu Baraka, kwa macho yangu, yanaelekea zaidi kwenye uji na mkanda.

Ukiamua kupiga, Jumapili usiku ina faida moja: kama mama ana kaptula nyingine ya rangi ya sare yenye mpira kiunoni, Jumatatu mtoto anaweza kuja nayo. Muombe mkuu aikubali hata kama haina mkanda wa sare. Kisha niandikie, nataka kujua saa nne na nusu imekuwaje.